Sherehe moja, keki mbili

Binti yangu alizaliwa tarehe 9 Agosti, mdogo wake tarehe 14, miaka miwili baadaye. Sherehe mbili ndani ya wiki moja hatuziwezi, kwa hiyo mwaka jana, hapa nyumbani Umoja, tuliweka keki moja ya kilo yenye majina yote mawili. Mdogo akaizima mishumaa yote kwa pumzi moja. Dada yake alijifungia chumbani, na roho iliniuma sana.

Mwaka huu nilimwomba mwokaji keki mbili za nusu kilo, kila mtoto akichagua rangi na ladha yake. Tulianza na mkubwa: tukamwimbia peke yake, akakata, akalisha wageni. Ya mdogo ilibaki jikoni, isionekane. Tukala pilau, watoto wakacheza nje kama saa nzima, ndipo tukamwimbia yeye. Ule muda wa katikati usifupishwe, la sivyo wimbo wa pili huimbwa kwa uchovu.

Zawadi hazikufunguliwa siku hiyo. Kila mmoja alifungua zake tarehe yake halisi, asubuhi, kitandani kwetu. Mwakani mdogo ataanza.