Ameotea, au amesimama tu? Nilivyojifunza kutangaza mpira kwa Kiswahili hapa Busia

Agosti 2025, mashindano ya soka ya CHAN yalipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, mkuu wa vipindi kwenye redio ninayofanyia kazi aliniita akaniambia nianze kutangaza mechi za wilaya kwa Kiswahili. Busia ni mji wa mpakani mwa Uganda na Kenya. Sokoni kwetu utamkuta Msamia, Mganda, Mluo, Mkongo mwenye marobota ya vitenge na dereva wa lori aliyetoka Mombasa, na wakitaka kuelewana wote wanaingia kwenye Kiswahili. Ila mpira tulikuwa tukiutangaza kwa Kiingereza na Kisamia, na aliyeutaka kwa Kiswahili alitafuta redio za ng'ambo ya mpaka.

Nilidhani kazi itakuwa ya kutafsiri. Nilichukua daftari, nikaandika nilivyozoea kusema kwa Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Ofsaidi nikaandika kuotea. Kona ikabaki kona. Laini-meni nikamwita mshika kibendera. Maneno hayo watangazaji wa Tanzania na Kenya walishayazoesha watu miaka mingi, kwa hiyo sikuhitaji kubuni lolote. Kilichonishinda kwenye mechi ya kwanza ni wakati wa kuyasema.

Ilikuwa dakika za mwanzo za kipindi cha pili. Kiungo wa timu ya nyumbani alipenyeza pasi ndefu katikati ya mabeki. Mshambuliaji wao mmoja alikuwa tayari amesimama nyuma ya mabeki wote, mbele yake kipa peke yake. Nikapaza sauti: "Ameoteaaa!" Lakini yule kijana hakuufuata mpira. Alisimama, akaweka mikono kiunoni. Winga wa upande wa pili kabisa, ambaye pasi ilipopigwa hakuwa amewapita mabeki, akampita mbio, akauwahi mpira, akafunga. Kibendera hakikuinuka. Refa akaonyesha katikati ya uwanja. Mimi nilikuwa nimeshawaambia watu wa Busia kwamba mpira umesimama, na sasa ilinibidi niwaambie ni goli. Simu za wasikilizaji ziliita hadi jioni.

Kwa Kiingereza neno la ofsaidi ni moja, na mtangazaji analitumia kwa mambo mawili: mchezaji kuwa mahali pabaya, na mchezaji kufanya kosa. Sheria ya 11 ya mpira inayatenganisha. Mchezaji yuko mahali pa kuotea kama, wakati mwenzake anaugusa mpira, kichwa, kiwiliwili au mguu wake uko kwenye nusu ya wapinzani, na uko karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Mikono haihesabiwi. Kuwa pale si kosa. Linakuwa kosa akiucheza mpira, akimziba kipa asione, au akimzuia beki kuuendea.

Na Kiswahili, nilipotulia nikakifikiria, kilikuwa na dawa yake siku zote. Kuotea maana yake ya asili ni kuvizia. Mwindaji anamwotea swala, paka anamwotea panya. Kitenzi hiki kinakubali kugawanywa kwa nyakati. "Anaotea" ni mtu aliye mafichoni, bado hajaruka. "Ameotea" ni mtu ambaye jambo limeshatendeka. Nikajiwekea amri: neno "ameotea" halitoki kinywani mwangu kabla kibendera hakijainuka au filimbi haijalia. Kabla ya hapo nasema, "Anaotea yule namba tisa, anaotea, mpira unakwenda upande wake..." Msikilizaji anakaa roho juu pamoja nami, na winga akitokea nyuma akafunga, sijamdanganya mtu. Nimewahi kusikia watangazaji wazuri wakilitumia "ameotea" kwa yote mawili, na kwa kweli naona wanaitupa bure nafasi ambayo lugha imewapa.

Mtu aliyenisaidia zaidi kwenye hili ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye wikendi hushika kibendera kwenye mechi za wilaya. Aliniambia, "Ndugu yangu, usituangalie tu kama tumeinua. Angalia tunaelekeza wapi baadaye." Mshika kibendera anainua kwanza, refa akipuliza, ndipo anaonyesha kosa lilikuwa sehemu gani: kibendera kikielekezwa juu kidogo, aliyeotea yuko upande wa mbali wa uwanja, kikinyooshwa sawa na bega, yuko katikati, kikishushwa, yuko upande wa karibu naye. Tangu siku hiyo sihitaji kukisia nani ameotea kati ya watu watatu waliokimbia.

Kona ilikuwa na shida nyingine. Dada yangu mkubwa anauza mboga na hajawahi kuingia uwanjani, ila redio haimtoki sikioni. Jioni nilikuwa nikikaa chumba cha nyuma na simu, natazama mechi iliyorekodiwa huku nimezima sauti, natangaza. Yeye anakaa sebuleni na meza, amechora uwanja kwa chaki, ana kifuniko cha soda ndiyo mpira. Kila niliposema jambo alisogeza kifuniko. Baadaye tunakwenda kulinganisha.

Mara ya kwanza nilisema, "Kona! Kona upande wa kulia!" Nilipotoka nikakuta kifuniko kiko pembe ya kushoto.

"Kulia kwa nani, mdogo wangu?" akaniuliza. "Kwa kipa au kwa anayepiga?"

Mimi nilikuwa nimekaa jukwaani kichwani mwangu, na kulia kwangu hakukuwa kulia kwa mtu mwingine yeyote. Sasa nahesabu kulia na kushoto kwa wanaoshambulia, kila mara, na kwenye uwanja wetu naongeza alama ambayo watu wanaijua: kona ya upande wa barabara, kona ya upande wa miembe. Kisha nataja mguu. Mpigaji wa mguu wa kushoto akiwa kona ya kulia, mpira unajikunja kuingia langoni. Wa mguu wa kulia kona hiyo hiyo, unajikunja kulikimbia lango. Nikisema, "Anapiga kwa kushoto, mpira unaingia, unaingia, mlingoti wa karibu," kifuniko cha dada kinafika kinapotakiwa. Nikisema tu "kona safi", kifuniko hakiendi popote.

Baada ya wiki kadhaa nilijiona nimeiva. Ndipo ikaja kona fupi.

Wageni wetu kutoka Tororo walikuwa nyuma kwa goli moja, zimebaki dakika chache, zile tunazoziita za lala salama. Wakapata kona ya upande wa barabara. Winga wao hakuumimina mpira. Alimgusia mwenzake aliyemsogelea hatua tano hivi kutoka mstari wa goli. Mabeki wetu wote wakatoka mbio kuwafuata, aliyekuwa kwenye mlingoti naye akatoka, langoni akabaki kipa tu. Yule mwenzake akaurudisha mpira kwa winga, ambaye hakuwa amesogea, bado yuko karibu na kibendera cha kona. Winga akapiga krosi, kichwa, nyavuni. Kibendera juu, goli limekataliwa.

Nikasema, "Ameotea! Winga ameotea!" Simu ya kwanza iliingia kabla wachezaji hawajaacha kumzonga refa. Alikuwa mzee mmoja mstaafu wa jeshi, msikilizaji wetu wa kila wiki, ambaye sote studio tunamwita Afande. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeonewa.

"Kijana, kwenye kona hakuna kuotea! Tumecheza mpira kambini sisi, tunajua."

"Ni kweli, Afande," nikamjibu, "lakini..." Baada ya "lakini" sikuwa na sentensi. Niliijua sheria, ila sikuwa na njia ya kuisema kwa pumzi moja huku mpira unaendelea. Nikakata simu kwa heshima, na nikalala vibaya.

Afande alikuwa sahihi nusu. Mpira ukitoka moja kwa moja kwenye kona, kwenye goli kiki au kwenye mpira wa kurusha, hakuna kosa la kuotea. Lakini ruhusa hiyo inaishia kwenye mguso wa kwanza. Mwenzake alipourudisha, sheria ilikuwa imesharudi kazini, na winga alikuwa karibu na mstari wa goli kuliko mpira, na kuliko beki wa mwisho aliyekimbilia nje. Mbele yake alibaki kipa tu, na sheria inataka wawili. Kama beki mmoja angebaki kwenye mlingoti, au winga angekimbilia nje mara tu baada ya kupiga ili mpira unaporudishwa uwe karibu zaidi na mstari wa goli kuliko yeye, goli lingesimama.

Nilikaa na dada mezani, vifuniko vinne sasa, tukacheza kona ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sentensi zangu za mwanzo zilikuwa ndefu, zina "kwa mujibu wa sheria" ndani yake, na nilipofika mwisho wake mpira ungekuwa umeshafika upande wa pili. Dada ndiye aliyeikata. Aliniuliza, "Kwani huyu amefanya nini hasa?" Nikamwambia: amepiga kona, amebaki palepale, mabeki wametoka, karudishiwa. "Si useme hivyo," akasema.

Mechi ya marudiano ilichezwa Tororo, na timu ile ile ikajaribu mchezo ule ule. Nilipomwona mwenzake anaisogelea kona nilishajua. "Kona fupi hiyo, mguso wa kwanza hauna kuotea... mabeki wanatoka, mpigaji bado yuko kibenderani, anaotea sasa, anaotea... karudishiwa! Kibendera juu! Kapiga, kabaki, karudishiwa: ameotea! Mkono wa refa uko juu, mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja."

Simu ya Afande iliingia wakati wa mapumziko. Hakutaja kona. Alitaka kujua kuhusu mshambuliaji aliyelingana sawasawa na beki kwenye dakika ya ishirini na refa akamwacha aende, kwa sababu kambini kwao kulingana kulikuwa kuotea. Nikamweleza kwamba sheria hiyo ilibadilishwa 1990, na tangu hapo aliyelingana na mpinzani wa pili kutoka mwisho hajaotea. Akanyamaza kidogo.

"1990," akasema. "Basi rudia ile ya kona. Mjukuu wangu alikuwa nje, hakuisikia."