Barua ya benki ya kutodaiwa: nilivyoipata ikiwa na maneno yanayotakiwa

Kampuni ninayoiandalia nyaraka za zabuni hapa Tanzania ilikuwa inaingia ubia na kampuni nyingine ili kuomba kazi ya kusambaza vifaa vya umeme. Kabla ya kusaini makubaliano ya ubia, mwanasheria wa wenzetu alitaka barua ya benki inayothibitisha kwamba kampuni haina mkopo wala dhima nyingine yoyote. Mkopo ulikuwa umeshalipwa wote. Lakini kumaliza mkopo na kutokuwa na dhima benki ni mambo mawili tofauti, na barua nyingi hukwama hapo.

Afisa anayeandaa barua hii haangalii akaunti ya kila siku peke yake. Anafungua namba ya mteja na kuona kila kilichofungwa chini yake: akaunti ya mkopo, ovadrafti, kadi ya mkopo, dhamana ambazo benki imezitoa kwa niaba ya kampuni, na pale ambapo kampuni imemdhamini mtu mwingine akopeshwe. Kimoja kikiwa bado wazi, hawezi kuandika kwamba hamna dhima. Kwa hiyo kabla ya kupeleka barua ya maombi nilimwomba afisa mahusiano anipe orodha ya vyote vilivyo chini ya namba yetu, pamoja na taarifa ya akaunti ya mkopo yenyewe.

Taarifa hiyo ya mkopo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Riba huhesabiwa kila siku. Tuseme salio ni Sh 8,000,000 na riba ni asilimia 18 kwa mwaka. Kila siku inaongezeka karibu Sh 3,945. Ukilipa leo kwa kufuata salio ulilopewa juzi, unaacha nyuma karibu Sh 7,900. Hela hiyo haikuumizi, ila inaufanya mkopo usomeke kuwa uko wazi, na ikikaa muda mrefu inaweza kuonekana kama deni lililochelewa. Dawa yake ni kuomba kwa maandishi kiasi cha kumalizia mkopo kinachotaja siku ya malipo, kulipa siku hiyohiyo, kisha kuomba akaunti ya mkopo ifungwe. Salio kusoma sifuri hakumaanishi kwamba akaunti imefungwa.

Kwetu akaunti ya mkopo ilikuwa safi. Kilichojitokeza kwenye orodha ni dhamana ya zabuni ya Sh milioni 15 ambayo benki iliitoa kwa ajili ya zabuni nyingine tuliyoikosa. Tarehe yake ya kuisha ilikuwa imepita, lakini kwenye vitabu vya benki ilikuwa bado inasomeka, kwa sababu karatasi yake halisi ilibaki kwa taasisi iliyotangaza zabuni. Benki nyingi hazifuti dhamana kwa kuangalia tarehe tu. Zinataka karatasi halisi irudi, au barua ya mnufaika, yaani taasisi iliyopewa dhamana hiyo, inayosema dhamana imeachiliwa na hana dai lolote. Na kama benki ilizuia fedha kwenye akaunti yako ili kuitoa dhamana hiyo, fedha hizo nazo zinabaki zimezuiwa hadi ifutwe.

Tuliiandikia taasisi ile kupitia kitengo chake cha ununuzi, tukataja namba ya zabuni, namba ya dhamana, kiasi na tarehe ya kuisha, tukaomba karatasi halisi irudishwe. Ilipopatikana tuliipeleka benki na barua ya kuisindikiza, tukasainiwa nakala kwamba imepokelewa. Nakala hiyo usiipoteze. Dhamana hufutwa na idara nyingine kabisa, mara nyingi makao makuu, na afisa wa tawini asipoiona imefutwa kwenye mfumo hataandika barua yako hata kama karatasi iko mezani kwake.

Ovadrafti inahitaji uamuzi. Sisi tulikuwa na kikomo cha Sh milioni 10 ambacho hakijaguswa. Hapo hudaiwi kitu, lakini ahadi ya benki kukukopesha bado ipo, na mwanasheria makini ataiuliza. Unaweza kuifuta, au ukaomba barua iseme wazi kwamba kikomo kipo na hakijatumika. Tulichagua njia ya pili, kwa kuwa kikomo hicho kinatusaidia kununua mzigo kabla ya kulipwa, na wenzetu wakaridhika baada ya kuona kimetajwa badala ya kufichwa.

Baada ya hapo ndipo nilipoandika maombi kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni. Maneno ya maombi ndiyo yanayozaa maneno ya barua. Ukiandika tu “naomba barua ya kutodaiwa”, utapewa ile ya kawaida ya tawi, inayosema kampuni haina mkopo, na suala la dhima halitajwi. Mimi niliandika hivi:

“Tunaomba mtuthibitishie kwamba, hadi tarehe ya barua yenu, kampuni yetu haidaiwi na benki yenu mkopo wowote, ovadrafti iliyotumika, wala dhima inayotokana na dhamana au udhamini wowote, na kwamba kikomo chetu cha ovadrafti cha Sh milioni 10 kipo lakini hakijatumika. Barua ielekezwe kwa mshirika wetu aliyetajwa hapa. Tunairuhusu benki kumthibitishia mshirika huyo uhalisi wa barua hiyo pekee.”

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Benki inabanwa na wajibu wa kutunza siri za mteja, kwa hiyo mshirika akipiga simu kuuliza kama barua ni ya kweli hatajibiwa bila ruhusa yako. Maombi lazima yasainiwe na wale wenye mamlaka ya kusaini kwenye akaunti, kwa idadi ileile iliyowekwa benki. Kama ni wawili kwa pamoja, saini ya mkurugenzi mmoja inarudisha maombi. Iwapo kampuni imebadilisha wakurugenzi kwa msajili wa kampuni, BRELA, lakini benki haijapelekewa azimio la bodi, anza na hilo. Acha pia fedha za ada kwenye akaunti, maana benki huikata humo pamoja na VAT.

Barua itakuja na kifungu kwamba imetolewa bila benki wala watumishi wake kubeba jukumu lolote. Hicho ni cha kawaida, usihangaike kukiondoa. Mambo ya kukagua ni jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, namba ya akaunti, tarehe, saini za maofisa na muhuri. Neno “Limited” likikosekana kwenye jina, omba irekebishwe papo hapo.

Mshirika naye aelewe mipaka ya karatasi hii. Benki inajisemea yenyewe tu, na inasemea siku ile tu. Kwa madeni ya benki nyingine tuliambatisha ripoti ya taarifa za mikopo. Hapa Tanzania ripoti hiyo hutolewa na taasisi zenye leseni kama Creditinfo. Pia niliangalia BRELA kama rehani iliyosajiliwa kwa ajili ya mkopo wa zamani imeondolewa, kwa sababu mkopo ukiisha rehani haijifuti yenyewe kwenye daftari la msajili. Ukiikuta bado ipo, iombe benki uthibitisho kwamba deni limelipwa, uuwasilishe kwa msajili.

Kuhusu tarehe, omba barua karibu na siku ya kuitumia, lakini kazi ya kufuta dhamana za zamani ianze mapema zaidi, kwani ndiyo inayokula muda. Kama barua itapakiwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, soma kwanza nyaraka za zabuni uone kama zimeweka umri wa juu wa barua, kisha iskani ikiwa na kurasa zote, ukihakikisha muhuri na tarehe vinasomeka.