Mpima korosho akija juu ukimwambia kazi ina kasoro: nilivyofanya kituoni kwetu

Nasimamia upokeaji wa korosho kwenye chama cha msingi upande wa Newala. Magunia yetu yalirudishwa kutoka ghala kuu kwa sababu ya unyevu, yakabidi yaanikwe upya, na aliyeyapitisha kuwa daraja la kwanza ni mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Kumwambia lilikuwa jukumu langu.

Ushauri niliopewa ni ule wa semina: msifie, taja kasoro, kisha msifie tena. Nikaufuata. "Shikamoo mzee. Vitabu vyako ni safi, wakulima wanakuamini, lakini…" Hapo kwenye lakini akavaa kofia. "Kumbe sifa zote zile zilikuwa za kunipaka mafuta?" Ubaya wake haukuishia siku ile. Baadaye nikimsifu kwa jambo la kweli, anauliza lakini yake iko wapi. Mtu mzima anayejua kazi yake anainusa njia hii mapema, na ukishaitumia sifa zako hazina thamani tena kwake. Wengine walisema nimwandikie barua ya onyo. Barua ingempa la kujibu bila kukausha hata korosho moja.

Kilichosaidia kwanza ni mahali. Mbele ya foleni ya wakulima hawezi kukubali kosa hata akiliona, maana kesho kila aliyerudishiwa gunia lake atadai naye alionewa. Nikamwomba tuonane saa moja asubuhi, kabla mizani haijaanza kazi.

Alikuja na majibu matatu, na kila moja lilitaka jibu lake. "Binti, mimi nazijua korosho kwa kuzisikia." Ni kweli: kavu inalia ukiitikisa, na kucha haiachi alama kwenye ganda. Sikubishana, nikasema ndiyo maana nataka mkono wake kwenye kipimo. "Novemba mvua ilinyesha, wakulima wameleta mbichi." Nalo ni kweli, nikalikubali lote kabla ya kuuliza: "Sasa lililonyeshewa tulitambueje kabla halijapita?" Ukiruka ukweli uliomo ndani ya utetezi wake, ataurudia kwa sauti kubwa zaidi. La tatu, "mbona kituo kingine nao wamerudishiwa?", nilijibu kwa sentensi moja: ya kule tutazungumza na wa kule. Kisha nikanyamaza. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanaongeza mifano, na kila mfano mpya unampa mlango mpya wa kutokea.

Halafu nikaacha kusema, nikamkabidhi bambo la kuchotea ndani ya gunia. Gunia alichagua mwenyewe, nisije nikaambiwa nimelitafuta baya. Akachota juu, katikati na chini, tukachanganya, tukapima kilo moja, akashika mkasi wa kukatia korosho. Mimi niliandika tu. Kiini kizuri gramu 240, chenye madoa gramu 30 ambacho huhesabiwa nusu, yaani 15. Jumla 255. Zidisha kwa 80, gawa kwa 453.6, gramu za ratili moja, unapata ratili 45 za kiini kwa gunia la kilo 80, wakati sisi tunataka 48 na kuendelea. Namba ilitoka mkononi mwake, hivyo hapakuwa na mtu wa kubishana naye.

Alishika korosho za chini ya gunia, akazitikisa sikioni. Hazikulia. Za juu zililia. Akasema mwenyewe kwamba foleni ikiwa ndefu huwa anachota mdomoni mwa gunia tu, na baadhi ya wakulima wanajua, kavu wanaziweka juu. Nilijizuia nisiseme "si nilikwambia". Neno hilo lingetupeleka tena kwenye ile kofia.

Dalili kwamba mtu amelegea ni pale anapoanza kuuliza badala ya kujibu. Yeye aliuliza kama anaweza kupata kijana wa kumfungulia magunia ili apate muda wa kuchota chini. Jihadhari na anayesema "sawa, sawa, nimeelewa" harakaharaka: huyo anataka uondoke. Muulize gunia la kwanza la kesho atalifanyaje. Akishindwa kueleza, hamjamaliza.

Njia hii ina mpaka wake. Kama mpimaji anapitisha magunia mabovu kwa sababu kuna anachopewa pembeni, ukali wake si aibu, ni kinga, na hilo ni la bodi ya chama, si la mazungumzo ya asubuhi. Nilitofautisha kwa kuangalia daftari: magunia yaliyorudishwa yalikuwa ya wakulima tofauti tofauti, na yalijazana siku zenye foleni. Yangekuwa ya watu walewale kila siku, nisingemkabidhi bambo.

Kijana amepatikana. Siku za foleni yeye anafungua magunia, mzee anachota ngazi tatu, na mimi napita mchana kukata kilo moja pamoja naye, kwenye gunia analochagua yeye.