Kobe wa kijani

"Baba, huyo kobe anafanya nini hapo?"

Mwanangu alikuwa ameniegemea begani juzi, kidole kikigusa alama ndogo ya kijani chini ya dirisha la VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta. Nikamwambia anatembea. Jibu lenyewe lingeanzia 2018.

Wakati huo nilikuwa na VirtualBox 5.2, na ndani yake Ubuntu ya biti 64 ambayo haikuwahi kunisumbua. Asubuhi moja ikagoma kuwaka:

```
Raw-mode is unavailable courtesy of Hyper-V.
(VERR_SUPDRV_NO_RAW_MODE_HYPER_V_ROOT)
```

Haraka zangu, sikuusoma ujumbe hadi mwisho. Nikaingia BIOS: VT-x, uwezo wa kichakataji cha Intel wa kuendesha mashine pepe, imewashwa. Task Manager nayo ikaandika `Virtualization: Enabled`. Nikajaribu kuunda mashine pepe mpya, na hapo nikaduwaa. Orodha ya mifumo ilikuwa na ya biti 32 tu. Nikaipandisha na kuishusha ile orodha mara tatu nne, nikiitafuta Ubuntu ya 64 kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko aliokwisha kuukung'uta.

Jana yake nilikuwa nimeweka Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makontena. Iliomba ruhusa ya kuwasha Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft, yaani programu inayosimamia mashine pepe, nikakubali. Sasa, Hyper-V haikai ndani ya Windows kama programu nyingine. Huwaka kabla yake, huishika VT-x, halafu Windows yenyewe huendeshwa juu yake. Ndiyo maana ya lile `ROOT`: Windows imekuwa mpangaji mkuu, lakini mpangaji. VirtualBox ikiiulizia VT-x, Hyper-V inaificha, na bila VT-x mgeni, yaani mashine pepe, wa biti 64 hawaki.

Nikafungua Command Prompt kama msimamizi:

```
bcdedit /set hypervisorlaunchtype off
```

Nikazima, nikawasha. Kosa lile lile. Kumbe kwa Fast Startup, kuzima kwa Shut down huhifadhi kiini cha Windows diskini na kukirudisha kilivyokuwa. Restart ndiyo huanza upya kabisa. Nilipobonyeza Restart, Ubuntu ikawaka. Docker ikafa, bila shaka. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikibadilisha `off` na `auto` kulingana na kazi ya siku.

VirtualBox 6.0 ilipotoka Desemba mwaka huo, ikajifunza kupitia mlango wa Hyper-V badala ya kugombea VT-x. Mgeni anawaka, ila kila kitu kinapita kwa mwenye nyumba kwanza, hivyo kinakwenda polepole: ndiyo huyo kobe.

Nimezima Hyper-V kwenye laptopu hii, na kobe bado yupo. `systeminfo` inasema `A hypervisor has been detected`. Mshukiwa wangu ni Memory integrity, kinga ya Windows iliyo chini ya Core isolation: nayo huwasha haipavaiza ile ile. Nikiizima nitapata kasi na kupunguza ulinzi. WSL 2, inayoendesha Linux ndani ya Windows, nayo inaihitaji haipavaiza hiyo, na ninaitumia kila siku.

Mtoto ameshampa kobe jina.