Nilivyojiondoa kwenye barua pepe za matangazo, na pale nilipoteleza

Jumapili moja nilikaa na simu nikasema leo nafyeka. Matangazo yalikuwa yamenizidi kwenye barua pepe: duka nililonunua viatu mara moja tu, hoteli niliyolala usiku mmoja, tovuti ya ajira niliyojisajili zamani. Hao wote anwani niliwapa mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na hofu nao.

Nilichofanya ni kubonyeza Unsubscribe ya juu, kando ya jina la mtumaji, si ile ya chini yenye herufi za sisimizi. Ya juu inawekwa na Gmail yenyewe. Ndani ya ujumbe kuna maelezo ambayo sisi hatuyaoni, na humo mtumaji ameacha njia ya kujiondoa. Gmail inaisoma na mara nyingi inatuma ombi la kujiondoa kwa niaba yako, bila wewe kukanyaga tovuti ya mtu. Tangu 2024 Google inawataka wenye kutuma matangazo zaidi ya 5,000 kwa siku waiweke njia hiyo, na ombi walitekeleze ndani ya siku mbili. Hoteli ilinyamaza siku ileile.

Mkono ukazoea kubonyeza. Ukaja ujumbe kwamba kifurushi changu kimekwama, nilipie ushuru. Mimi sikuwa nimeagiza kitu. Badala ya kuuacha, nikateremka hadi chini, nikagusa Unsubscribe. Ukafunguka ukurasa: andika barua pepe yako na pasiwedi ili kuthibitisha. Pasiwedi ya nini, na mimi naaga? Nikafunga.

Jioni nikamwonyesha shemeji, fundi wa kompyuta. Akaibonyeza ile linki akaishikilia bila kuachia, anwani yake ikatokea nzima. Haikuwa na jina la kampuni yoyote ya vifurushi, na mwishoni ilikuwa na mkia wa namna hii:

```
/u?id=8f3kq21
```

"Shem, pasiwedi hujawapa, sawa. Lakini huu mkia ni wako peke yako. Wanatuma kwa maelfu ya anwani bila kujua ipi ina mtu. Ulipogusa, yako wameiwekea alama kwamba kuna mtu anayesoma."

Nikamuuliza, sasa ningefanyaje? Akasema ujumbe wa mtu usiyemjua hujiondoi, maana hukujiunga. Unabonyeza Report spam, basi. Hata kumfungia mtumaji hakusaidii sana, kesho anakuja na anwani nyingine.

Nikaondoka na hiyo Report spam kama panga jipya. Nikalikata nalo hata duka la viatu, ambalo sikuwa nimejiondoa kwake na lilikuwa bado linaleta tangazo moja moja. Mwezi uliofuata nikaagiza viatu vingine kwao, nikasubiri risiti mpaka nikaanza kuwashuku. Kumbe ilikuwa kwenye Spam tangu asubuhi. Nikaibonyezea Not spam, kisha nikajiondoa kwenye matangazo yao kwa ile Unsubscribe ya juu.