Kulinganisha viwango vinne vya mbolea kutoka kwenye picha ya jedwali

Mwenzangu anayesimamia majaribio ya mahindi alinitumia kwa WhatsApp picha ya jedwali la wastani wa mavuno, akitaka kujua ni viwango vipi vya mbolea vinavyotofautiana, kwa kuwa uchanganuzi wa variansi ulikwisha kuonyesha tofauti ya kutegemewa. Wastani ulikuwa tani 2.1 kwa hekta kwa A (bila mbolea), 2.9 kwa B, 3.4 kwa C na 3.6 kwa D, kila kiwango kikiwa na vishamba vitano. Chini yake paliandikwa F = 9.31 na ±0.22, bila maelezo zaidi. Data ghafi hazikuwapo.

Kilichonishughulisha zaidi ni hiyo ±0.22, kwa sababu ingeweza kuwa mkengeuko sanifu wa vishamba, au kosa sanifu la wastani, ambalo ni mkengeuko huo uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 5. Kwa bahati nzuri F yenyewe huamua. Wastani wa jumla ni 3.0; nilichukua tofauti ya kila kiwango na wastani huo, nikazipandisha kipeo cha pili, nikapata jumla ya 1.34. Ukiizidisha kwa 5 na kuigawa kwa 3, variansi baina ya viwango ni 2.23, na ukiigawa hiyo kwa 9.31 unapata variansi ya makosa, yaani 0.24. Kipeuo cha pili cha 0.24/5 ni 0.22, kwa hiyo lilikuwa kosa sanifu. Kama ungekuwa mkengeuko sanifu, F ingekaribia 46. Hesabu hiyo pia ilinihakikishia kwamba tarakimu nilizisoma sawasawa, maana picha ilikuwa na mng'ao wa taa.

Kwa jozi sita nilitumia mbinu ya Tukey, kwani kupima kila jozi peke yake kwa asilimia 5 hulimbikiza uwezekano wa kutangaza tofauti isiyokuwapo. Digrii za uhuru za makosa ni 20 − 4 = 16, na thamani ya jedwali hupatikana katika R hivi:

```r
qtukey(0.95, 4, 16)
```

Jibu ni 4.05, nalo likizidishwa kwa 0.22 hutoa 0.89. Jozi yoyote iliyopishana zaidi ya hapo inahesabika kuwa tofauti: A na C (1.3), na A na D (1.5), basi. A na B walipishana kwa 0.8, hawakufika. Kama ±0.22 ingechukuliwa kuwa mkengeuko sanifu, kipimo kingeshuka hadi 0.40, na jozi tano kati ya sita zingetangazwa kuwa tofauti.

Nilimrudishia jedwali lenye herufi, ambapo viwango vinavyoshiriki herufi havikutengwa: A ikiwa na b, B ikiwa na ab, C na D zikiwa na a. Aliuliza kama ab maana yake B ni sawa na zote. Nilimjibu kuwa sivyo: jaribio la vishamba vitano kwa kila kiwango halikutosha kuitenga B na upande wowote, na A na C, ambazo zote hazikutengwa na B, zenyewe zinatofautiana.