Sura ya Nne yangu ilivyopita: majedwali yafuate maswali ya utafiti, siyo dodoso

Kuna ushauri unaozunguka sana kwa wanaoandika tasnifu ya uzamili: toa majedwali yote kwenye SPSS, yabandike kwa mpangilio wa dodoso, halafu chini ya kila moja andika maelezo. Mimi nilipewa na mtu anayechambua data kwa malipo, nikamlipa kama elfu themanini hivi. Kazi aliyonirudishia ilikuwa na jedwali la kila swali, kuanzia jinsia na dini hadi umbali wa nyumba na shule. Msimamizi aliisoma kurasa chache akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hili linajibu swali lipi?" Akaandika hivyohivyo karibu kila ukurasa. Nilikasirika, ila siyo kwa msimamizi. Swali lake lilikuwa la haki, na nililitumia kuijenga sura upya.

Nilikuwa nachunguza mchango wa wazazi katika chakula cha mchana kwenye shule za msingi za kata moja ya vijijini. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, chakula cha watoto wa shule za kutwa kilibaki kutegemea wazazi: mahindi, maharage, na pesa kidogo ya mpishi. Nilikuwa na maswali matatu. Wazazi wanachangia kwa kiwango gani? Wasiochangia au wanaochangia kwa kusuasua wanazuiwa na nini? Na je, chanzo cha kipato kina uhusiano na kuchangia?

Nilichukua karatasi tatu, kila moja nikaandika swali moja la utafiti juu. Nikapitia dodoso kipengele kwa kipengele, namba ya kila kipengele nikaiweka kwenye karatasi ya swali linalojibiwa nacho. Vilivyokosa karatasi vikaenda kwenye kiambatisho, na dini ikaondoka kabisa. Taarifa za wahojiwa nikazibana kwenye jedwali moja fupi mwanzoni. Sura ikapungua karibu nusu. Kila sehemu ikaanza kwa kulitaja swali lake, kisha jedwali, kisha ufafanuzi.

Jedwali la swali la kwanza lilinifundisha kitu ambacho yule mchambuzi hakukigusa. Madodoso yaliyorudi yalikuwa 112, lakini kipengele cha kuchangia kilijibiwa na wazazi 106. SPSS hutoa safu mbili, `Percent` na `Valid Percent`. Ya kwanza inagawanya kwa wote 112, ya pili kwa waliojibu tu. Yeye alichukua ya kwanza, hivyo asilimia za makundi matatu hazikufika mia, na hakuna mahali aliposema kwa nini. Mimi nililiweka hivi (tasnifu yenyewe niliandika kwa Kiingereza):

Jedwali 4.2: Kiwango cha wazazi kuchangia chakula (n = 106)

| Kiwango | Idadi | Asilimia |
|---|---|---|
| Kila muhula | 41 | 38.7 |
| Baadhi ya mihula | 38 | 35.8 |
| Hachangii | 27 | 25.5 |
| Jumla | 106 | 100.0 |

*Wahojiwa 6 hawakujibu kipengele hiki. Chanzo: data za uwandani.*

Na chini yake: "Wazazi wanaochangia kila muhula ni chini ya wanne kati ya kumi. Wengi waliobaki hawajagoma kabisa, bali huchangia mihula mingine na kuiacha mingine. Hivyo, kuhusu swali la kwanza, mchango upo lakini si wa uhakika." Sentensi tatu, basi. Ya kwanza inasema jambo kubwa kuliko yote kwenye jedwali, ya pili inalinganisha, ya tatu inarudi kwenye swali. Ile tabia ya kuandika "41 sawa na asilimia 38.7 walisema hivi, 38 sawa na asilimia 35.8 walisema vile" ni kumsomea msomaji jedwali analoliona kwa macho yake. Sababu za hali hiyo na tafiti za wengine nilizipeleka kwenye mjadala, kwa sababu chuoni kwetu mjadala una sura yake.

Swali la pili liliwahusu wale 65 ambao hawachangii kila muhula. Mzazi aliruhusiwa kuchagua sababu zaidi ya moja, na hapa watu wengi huteleza. Waliosema pesa haipo wakati inapodaiwa walikuwa 44, waliosema shule haitoi taarifa ya matumizi 29, na wenye watoto wengi shuleni 18. Hayo ni majibu 91 kutoka kwa watu 65. Ukigawanya 44 kwa 91 unapata asilimia 48.4, yaani sehemu ya majibu. Ukigawanya kwa 65 unapata 67.7, yaani sehemu ya wazazi. Swali langu lilikuwa juu ya wazazi, kwa hiyo nilitumia safu ya `Percent of Cases`, jumla ikafika asilimia 140. Chini ya jedwali niliandika kwamba jumla inazidi mia kwa sababu mhojiwa aliweza kutoa jibu zaidi ya moja. Bila mstari huo, mtahini atadhani hesabu imekushinda.

Swali la tatu ndilo ninalojivunia. Nilikuwa na vyanzo vinne vya kipato: kilimo, vibarua, biashara ndogo na mshahara. Wenye mshahara walikuwa wachache mno, na chini ya jaribio la kai mraba SPSS ikaandika kwamba visanduku kadhaa vina idadi tarajiwa iliyo chini ya 5. Onyo hilo likigusa zaidi ya asilimia 20 ya visanduku, matokeo hayaaminiki. Niliunganisha makundi kwa sababu inayoeleweka: kilimo na vibarua ni kipato cha msimu, biashara ndogo na mshahara ni kipato kinachoingia mara kwa mara. Kiwango cha kuchangia nacho nikakifanya viwili, kila muhula na si kila muhula. Yote hayo niliyaeleza kabla ya jedwali, ili mtu asidhani nimepanga makundi nipate jibu ninalolitaka.

Kisha ukaja uamuzi wa asilimia za mlalo au za wima. Waliochangia kila muhula walikuwa 16 kati ya 60 wa kipato cha msimu, na 25 kati ya 46 wa kipato cha mara kwa mara. Kwa wima ungesema asilimia 39 ya wachangiaji wa kila muhula ni watu wa msimu. Ni kweli, lakini mimi sikuuliza wachangiaji ni akina nani. Niliuliza kama kipato kinaendana na kuchangia, kwa hiyo kila kundi la kipato lazima lifike mia peke yake: asilimia 26.7 dhidi ya 54.3. Hapo tofauti inaonekana hata kabla ya kusoma jaribio, ambalo lilitoa 8.41 kwa digrii huru 1, p = 0.004. Nikaandika kwamba kuna uhusiano. Sikuandika kwamba kipato *kinasababisha* kuchangia, maana dodoso la siku moja haliwezi kuthibitisha hilo. Na SPSS ikikuandikia `.000`, usiinakili hivyohivyo. Andika p < 0.001, kwa kuwa uwezekano wa sifuri kabisa haupo.

Kwenye utetezi mtahini wa nje alifungua moja kwa moja Jedwali 4.2 na kuuliza wale sita wako wapi. Nilimwonyesha maelezo yaliyo chini ya jedwali, akatikisa kichwa kukubali, akageuza ukurasa.